Umechangisha pesa za hospitali ukiwa Marekani? Chunga fomu ya 1099-K

Ndugu zangu wa Bukavu, Goma na Lubumbashi mlioko Marekani, nianze na jibu. Pesa ambayo watu wamekupa kwa huruma tu, bila kutarajia chochote kutoka kwako, ni zawadi. Kwa sheria ya kodi ya Marekani, zawadi si mapato ya anayeipokea. Shida inatoka kwenye karatasi inayokuja nyuma ya mchango, na hiyo ndiyo iliyonichoma.

Mwaka 2024 mama mdogo alihitaji upasuaji Bukavu. Majukwaa mengi ya michango ya mtandaoni hayalipi kwenye akaunti ya Kongo, kwa hiyo mchango ulifunguliwa kwa jina langu na namba yangu ya Social Security. Zilipatikana dola 9,400. Kufungua ukurasa, kuweka picha na kutoa pesa ni kazi ya jioni moja, sitakaa hapo.

Januari iliyofuata jukwaa likanitumia fomu 1099-K, karatasi ya kuripoti pesa iliyopita kwangu. Katika kisanduku 1a imeandikwa 9,400, jumla yote kabla ya makato ya jukwaa, ingawa benki yangu ilipokea pungufu ya hapo. Mtu wa ofisi moja ya kutayarisha kodi akaichukua fomu hiyo na kuijaza kwenye Schedule C, fomu ya faida ya biashara, kana kwamba mimi ni mfanyabiashara. Kodi ya kujiajiri ni asilimia 15.3, na inahesabiwa juu ya asilimia 92.35 ya faida. Kwa dola 9,400 hiyo inapita dola 1,300, kabla hujagusa kodi ya kawaida ya mapato. Pesa ya kushona tumbo la mama mdogo imegeuka faida ya biashara!

Kwa hiyo nasema, na nitarudia: fomu hiyo haisemi kwamba unadaiwa kodi. Inasema tu kwamba pesa ilipita kwako. Lakini usiitupe, maana IRS, yaani ofisi ya kodi ya Marekani, nao wana nakala. Ukinyamaza, kompyuta yao inaona tofauti na unaweza kutumiwa barua ya CP2000 yenye hesabu ya kodi mpya, na kwa kawaida unapewa siku 30 za kujibu. Kwa kodi ya mwaka 2024, juu kabisa ya Schedule 1, karatasi inayoambatana na fomu ya kodi 1040, kuna nafasi ya kuandika kiasi cha 1099-K kilichoingizwa kimakosa. Mwambie anayekutayarishia aitazame hiyo kabla hujatia sahihi. Na kama kodi imeshatumwa vibaya, inarekebishwa kwa fomu 1040-X, kwa kawaida ndani ya miaka 3.

Sheria ya Julai 2025 ilirudisha kiwango cha zamani: jukwaa linalazimika kutuma fomu pesa ikizidi dola 20,000 na malipo yakizidi 200. Lakini majimbo mengine, kama Massachusetts, yana kiwango cha dola 600 tu. Usitegemee kwamba fomu haitakuja.

Utetezi wako ni ushahidi kwamba pesa ilimfikia mgonjwa. Hapa ndipo ninapogombana na familia. Ukiomba fakitire ya hospitali, kaka anakwambia, "Yaya, unatuuliza kama polisi?" Hapana, mdogo wangu, siwashuku. Ila huku mwenye karatasi ndiye anayeaminiwa. Wamarekani wananishangaza: mtu asiyejua Kadutu iko wapi anatoa dola 25 kwa ajili ya mama ya mtu mwingine, lakini ofisi zao haziamini neno la mdomo hata kidogo.

Tangu benki za Goma na Bukavu zifungwe mwanzoni mwa 2025, wengi wanapitisha pesa kwa mtu anayevuka mpaka. Fanya unavyoweza, lakini pesa ya mchango ipitie njia inayoacha alama: ujumbe wa M-Pesa au Airtel Money wenye jina, tarehe na kiasi. Fakitire ipigwe picha siku hiyo hiyo, muhuri uonekane. Tunza pia ripoti ya jukwaa inayoonyesha jumla na makato, na maneno ya ombi lenyewe, kwa miaka 3 angalau. Na jamani, msikate dola 1,500 za mgonjwa kulipa minervali ya watoto, hata kama shule inawafukuza. Pesa isiyomfikia aliyechangiwa ndiyo inayoweza kuhesabiwa kuwa mapato ya aliyeishika.

Mradi ni habari nyingine. Kijana wa Goma akiomba pesa za mashine ya kusaga mahindi na watu wakampa bure, bado ni zawadi. Akiwaahidi waliochanga bidhaa, hiyo inaweza kuwa mauzo, na kodi inaweza kudaiwa. Akiwaahidi sehemu ya biashara, hiyo ni pesa ya wabia na ina sheria zake. Vilevile pesa anayokupa bosi wako kwa kawaida inahesabiwa kama mshahara, hata akikuambia kwa upole kwamba ni ya mgonjwa. Waliochanga nao wasitegemee kupunguziwa kodi yao, kwa sababu wamempa mtu binafsi, si shirika la hisani.