Ser au estar: anza na "ni" na "yuko" unavyovijua tayari

Mimi ni mwongoza watalii Arusha, na wageni wangu wengi huzungumza Kihispania. Siku zangu za mwanzo na lugha hiyo, saa kumi na mbili asubuhi gari likiwa linanguruma nje, nilimwuliza mama mmoja: «Señora, ¿es lista?» Nilitaka kujua kama yuko tayari. Nilichomwuliza ni kama ana akili. Akacheka, akajibu «Depende del día», yaani inategemea siku.

Kosa langu lilikuwa kitenzi kimoja. Kihispania kina vitenzi viwili vya "kuwa": ser, inayotoa *soy*, *es* na *son*, na estar, inayotoa *está* na *están*. Mimi nilichukua *es* pasipo pake. Vitabu vingi vinafundisha kwamba ser ni kwa mambo ya kudumu na estar kwa mambo ya kupita. Itupe kanuni hiyo leo. Mnyama aliyekufa ni «está muerto», na sijaona aliyerudi. Anayesema Kiswahili ana njia nzuri zaidi, maana lugha yetu nayo haina kitenzi kimoja tu cha kazi hii.

Hatua ya 1: Sema sentensi kwa Kiswahili, usikilize kama imetoka "ni" au "-ko"

Juma ni dereva: *Juma es conductor*. Juma yuko garini: *Juma está en el coche*. Ukijibu swali la "ni nani, ni nini, ni wa wapi, ni cha nini", unataja utambulisho, basi chukua ser: *soy guía* (ni mwongozaji), *soy de Moshi* (ni mtu wa Moshi), *la mesa es de madera* (meza ni ya mbao). Saa na siku pia ni za ser: *son las seis*, ni saa kumi na mbili, *hoy es lunes*, leo ni Jumatatu.

Ukijibu swali la "yuko wapi", chukua estar, hata kama kitu chenyewe hakitahama milele. Mlima hauendi popote, lakini *el Kilimanjaro está en Tanzania*. Asili ya estar ni neno la Kilatini *stare*, kusimama. Mimi huuwazia mlima umesimama pale, na kitenzi kinakuja chenyewe.

Na lile sikitiko langu la asubuhi? "Yuko tayari" ina -ko ndani yake. *Está lista.* Ningejisikiliza, nisingeaibika.

Hatua ya 2: Tafuta "-me-"

Hapa ndipo penye utamu, na ndipo wengi hukwama, kwa sababu hali nyingi sisi hatuzisemi kwa "ni" wala "yuko". Tunazisema kwa -me-: amechoka, amekaa, umefungwa, kimevunjika, amelala. Mhispania huziweka zote kwenye estar:

- amechoka: *está cansado*
- amekaa: *está sentado*
- mlango umefungwa: *la puerta está cerrada*
- amekufa: *está muerto*

Ndiyo maana kifo kiko upande wa estar. Si kwamba kinapita. Ni hali ambayo mtu au mnyama ameingia baada ya jambo kumtokea, na -me- yetu inasema hivyo hivyo.

Angalizo: -me- ya kitendo haimo. "Amekula" ni *ha comido*, hakuna estar hapo. Jiulize kama neno linaeleza alivyo sasa au alichokifanya. Amesimama: bado yuko wima, unamwona. Amekula: sahani imeshaondolewa.

Na "-na-" ya kitendo kinachoendelea mbele ya macho yako? Simba anakula: *el león está comiendo*. Estar tena.

Hatua ya 3: "Ni" inapokudanganya

Kuna "ni" za Kiswahili ambazo kwa kweli ni hali. Tunasema "mtoto ni mgonjwa", "chai ni ya baridi", nawe unakimbilia ser. Dawa yake ni kujaribu kuigeuza sentensi iwe ya -me-. Mtoto ameugua: inakubali, basi *el niño está enfermo*. Chai imepoa: *el té está frío*. Lakini "Juma ni Mtanzania" haigeuki, inabaki ser.

Sifa nyingine zinakubali pande zote mbili, na maana inabadilika. Angalia "mrembo". *Es guapa*: ni mrembo, ndivyo alivyo. *Está guapa*: amependeza leo, pengine kwa nguo aliyovaa. Kijana wa watu uliyemwacha mdogo, ukarudi baada ya mwaka mmoja, mwambie *¡qué alto estás!*, umerefuka kweli. Hutamwambia *eres*, kwa sababu unachokisema ni badiliko uliloliona. Ndizi *está verde* haijaiva. Shati *es verde*, rangi yake ni kijani. *Es rico* ni tajiri. Chakula *está rico* ni kitamu mdomoni sasa hivi.

Moja ya kuchunga: chakula waweza kukisifu *está bueno* bila wasiwasi, lakini ukisema mwanamke *está buena* umesifu mwili wake, na si kwa adabu. Kumsifu kwa wema ni *es buena*.

Hatua ya 4: Shughuli si kitu

Huu ndio mtego ambao Kiswahili hakikusaidii. Tunasema "mkutano uko wapi?", na hatua ya 1 ingekupeleka estar. Kihispania husema *¿dónde es la reunión?* Mkutano, harusi, chakula cha jioni kama shughuli: badilisha "uko" kwa "unafanyika". Ikikubali, tumia ser. *La cena es en el comedor*: chakula cha jioni kinafanyika ukumbini. *El comedor está allí*: ukumbi wenyewe uko pale. Na chakula kilichokwisha kupakuliwa ni kitu, kwa hiyo *la cena está en la mesa*.

Tujaribu na maneno ya kazini

Haya ndiyo ninayowaambia wageni Ngorongoro:

*Buenos días, soy su guía. Ngorongoro es una caldera y está en el norte de Tanzania. Los leones están dormidos. Ese búfalo está muerto. La leona es vieja, pero está tranquila. El almuerzo es a la una.*

Mimi ni mwongozaji wenu na Ngorongoro ni kaldera, yaani bonde la volkano iliyoporomoka: utambulisho, ser. Iko kaskazini: estar. Simba wamelala, nyati amekufa: -me- mara mbili, estar mara mbili. Simba jike ni mzee: namtaja ni wa aina gani, ser, nikisema *está vieja* ningemaanisha amezeeka, anaonekana mzee kuliko nilivyomwona mara ya mwisho. Ametulia: estar. Chakula cha mchana kinafanyika saa saba: ser.

Ukiandika, usisahau alama juu ya *á*. *Está* ni yuko, *esta* ni hii. Mgeni mmoja aliniandikia *esta lista* kwa haraka, nikakaa nikisubiri anitumie hiyo orodha, maana *lista* ni orodha pia, kumbe alikuwa ananiambia mkewe yuko tayari na wananisubiri mlangoni.