Somo: Kusoma nadharia ya udereva kwa vipande vifupi, kwa wenye umakini unaoponyoka

Kila wiki napata ujumbe uleule: "Dada, ulifauluje nadharia na wewe huwezi kukaa na kitabu?" Naandika hapa mara moja. Atakayeniuliza tena nitamwelekeza huku.

Nina tatizo la umakini tangu utotoni, na daktari alilithibitisha nikiwa mtu mzima. Nilisomea udereva hapa Mtwara mjini, gari dogo, daraja D. Darasani tulikuwa tunakaa saa mbili mfululizo, na mimi baada ya robo saa nilikuwa nasikia sauti tu, maneno hayaingii. Kwa hiyo kazi yote niliifanyia nyumbani.

Hatua ya 1. Pata leseni ya kujifunzia na kitabu cha alama za barabarani.

Hatua ya 2. Pima dakika zako. Soma kama kawaida, saa iko mezani. Ukigundua umerudia mstari mmoja mara mbili bila kuuelewa, angalia dakika ngapi zimepita. Fanya hivyo siku tatu. Mimi nilipata 14, 12 na 13, nikaweka kipande changu dakika 10. Lengo ni kusimama kabla akili haijaondoka. Ukingoja ichoke, kuirudisha ni kazi kubwa kuliko somo lenyewe.

Hatua ya 3. Mahali. Kaa ukitazama ukuta, usitazame mlango wala dirisha. Kwetu Shangani nilisoma baada ya swala ya alfajiri, kabla bodaboda hazijaanza na kabla joto halijapanda. Mezani kuna kitabu, kadi na saa ya kengele tu. Simu iko chumba kingine, na saa ya simu haifai, kwa sababu ukiigusa kuizima umeshaona ujumbe.

Hatua ya 4. Kadi. Kata maboksi ya biskuti, chora alama upande mmoja, andika maana upande wa pili. Changanya kila mara.

Hatua ya 5. Mapumziko. Hapa ndipo nilipoharibu wiki tatu nzima. Nilidhani kupumzika ni kufanya chochote kisichokuwa kitabu. Kengele ikilia nachukua simu, dakika 5 zinakuwa 50. Nikaiacha simu, nikawa najilaza kwenye mkeka, nikalala. Nikaacha mkeka, nikawa natoka barazani kwa jirani, na mazungumzo ya barazani hayana dakika 5. Mwishowe niliona kwamba kosa halikuwa urefu wa mapumziko. Nilikuwa napumzika kwa vitu visivyo na mwisho wake. Sasa nafanya jambo linaloisha lenyewe: najaza ndoo moja, nafagia upande mmoja wa ua, naanika nguo chache. Ndoo ikijaa, mapumziko yameisha.

Tahadhari mbili. Usikae wakati wa mapumziko, mwili utembee. Na kabla hujainuka, andika kwenye karatasi swali moja utakaloanza nalo ukirudi, kwa mfano: "Nani anaingia kwanza kwenye kipilefti?" Bila swali hilo nilikuwa narudi mezani, naanza kutafuta nilipoishia, na kutafuta kwenyewe kunamaliza kipande.

Hatua ya 6. Kipande kimoja, jambo moja. Nitawapa asubuhi yangu moja kama ilivyokuwa.

Kipande cha kwanza, maumbo tu, bila picha za ndani. Pembetatu yenye ukingo mwekundu, ncha juu, ni onyo. Duara lenye ukingo mwekundu linakataza au linaweka kikomo. Duara la buluu linakulazimisha kufanya jambo. Halafu mbili zilizokuwa zinanichanganya: pembetatu iliyopinduliwa, ncha chini, na ile nyekundu ya pembe nane. Mtu mwenye macho ya haraka kama mimi anaona "pembetatu" anajibu "onyo" kabla hajaangalia ncha. Ncha chini maana yake toa kipaumbele: punguza mwendo, na kama njia ni nyeupe unaweza kuendelea bila kusimama. Pembe nane ni simama. Magurudumu yasimame kabisa, hata kama barabara ni tupu. Katika kadi 10 nilikosa 4, na zote 4 zilikuwa za ncha. Basi nikajizoesha kuweka kidole kwenye ncha kabla ya kufungua mdomo. Ndoo ya maji.

Kipande cha pili, kipilefti. Nilichora duara kwa chaki sakafuni, magari ni vizibo vya soda. Sisi tunaendesha kushoto, kwa hiyo tunazunguka kama mishale ya saa, na aliye tayari ndani anakuja kutoka kulia kwako. Huyo ndiye unayempisha. Nilisogeza kizibo changu kutoka kusini nikitaka kutokea mkono wa kulia: indiketa ya kulia, ngoja wa kulia apite, ingia, pita matokeo mawili, weka indiketa ya kushoto, toka. Mara tano kwa mkono ndipo ikakaa. Kwa kusoma ilikuwa haijakaa mwezi mzima.

Vipande vinne kwa siku vinatosha.

MASWALI

Kijana wa Newala: Dada, kipande ni dakika ngapi?

Mwandishi: Hatua ya 2.

Kijana wa Newala: Nimeona 10. Basi niweke 10?

Mwandishi: 10 ni yangu. Pima yako.

Mama Nachingwea: Mwanangu, shikamoo zako nimezipokea. Kadi nazichanganya za nini? Binti yangu anazijua zote zikiwa zimepangwa.

Mwandishi: Shikamoo mama. Swali zuri sana. Zikiwa zimepangwa, mara nyingi anakumbuka kinachofuata, siyo alama. Mjaribu hivi: chomoa kadi ya katikati, mwonyeshe peke yake. Akisita, alikuwa anajua mpangilio tu. Ile aliyokosa irudishe baada ya kadi tatu, usiirudishe papo hapo, maana papo hapo ataijibu kwa mwangwi.

Mzee wa Mingoyo: Haya ni mambo ya uvivu. Sisi tulisoma kitabu chote usiku mmoja.

Mwandishi: Shikamoo mzee. Kwako kilifaa. Mimi nilijaribu usiku mmoja nikashindwa, ndiyo maana nimeandika somo hili.

Fundi Chuno: Ninatumia dawa za umakini. Nikifuata hili naweza kuziacha?

Mwandishi: Hapana kaka, hilo ni la daktari wako. Muulize pia dawa inafanya kazi zaidi saa ngapi, uweke vipande vyako hapo.

Mwana-Mikindani: Na barabarani je? Huwezi kusimamisha gari kila dakika 10.

Mwandishi: Kweli, somo hili ni la nadharia. Kwenye gari nilimwambia mwalimu wangu mapema, akawa ananipa agizo moja kwa wakati badala ya matatu. Nikichoka nasema, tunaegesha pembeni panaporuhusiwa. Redio imezimwa.

Kijana wa Newala: Nimepima. Imetoka 7, 9, 8. Ni mbaya?

Mwandishi: Siyo mbaya. Weka 6, kadi tano tu kila kipande. Kesho niambie umekosa zipi.

Mwana-Mikindani: Na chaki huku kwetu inafutika na unyevu. Mimi nimechora kipilefti kwa mkaa nyuma ya gunia la korosho, nakunja naweka.

Mama Nachingwea: Gunia zuri, halitelezi vizibo. Nachora leo jioni.