Hotspoti haionekani kwenye laptopu? Anza na bendi

Hotspoti imewashwa, simu ya jirani inaiona, ila laptopu yako ya zamani haiioni kabisa: hamisha bendi ya hotspoti, yaani masafa ya mawimbi yake, kutoka 5 GHz iwe 2.4 GHz. Kwenye Android ingia mipangilio ya hotspoti, tafuta Band au AP Band. Kwenye iPhone 12 na za baadaye washa Maximize Compatibility. Laptopu nyingi za zamani zina kadi ya waifai inayoshika 2.4 pekee, hivyo hata simu ikiwa mezani palepale, haipati kitu. Spidi itashuka, lakini 2.4 hupenya ukuta vizuri zaidi, kwa hiyo mimi naiacha hapo.

Hila hii haisaidii kama hakuna kifaa chochote kinachoiona. Hapo huenda jina la mtandao limefichwa, au simu imeizima hotspoti yenyewe baada ya kukaa muda bila mtu kuunganishwa. Zima Turn off hotspot automatically pamoja na hali ya kuokoa betri. Ikionekana lakini inakataa kuunganisha, hesabu waliomo; pengine idadi ya juu imewekwa 1, na tabuleti ya mtoto imeshaiwahi.