Mambo ya Kuzingatia Kabla ya Kutoa Maandishi ya Kiarabu Kwenye PDF

Weka kando nakala ya faili asilia wala usiiguse. Kisha fungua faili hilo na ujaribu kuteua mstari mmoja kwa kipanya. Ukiona ukurasa mzima unateuliwa kama picha, hapo hakuna maandishi ya kutoa, na itakubidi utumie programu ya kusoma picha, mfano `tesseract` kwa lugha ya `ara`, ukiwa umeskani kwa nukta 300 kwa inchi. Maandishi yakiteulika, endesha amri hii uangalie safu iliyoandikwa `uni`:

```
pdffonts darsa.pdf
```

Ikisema `no` kwenye fonti ya Kiarabu, huenda faili halina jedwali linaloeleza kila umbo ni herufi gani, na utakachopata kinaweza kuwa takataka tupu. Ikisema `yes`, endelea, lakini usishangilie.

Sababu ni kwamba PDF huhifadhi maumbo na mahali pa kuyachora. Mimu ya mwanzo wa neno na mimu ya mwisho ni maumbo mawili, na mafaili mengi huyapa namba zake za pekee za Unicode, kati ya FE70 na FEFF, badala ya namba moja ya mimu, yaani 0645. Zaidi ya hayo, programu nyingi za kutoa maandishi huyasoma maumbo hayo kutoka kushoto kwenda kulia, kama yalivyopangwa machoni, hivyo neno hutoka kinyumenyume. Ili ujue uko wapi, chapisha namba za herufi chache za mwanzo wa mstari, wala usiamini kioo:

```python
print([hex(ord(h)) for h in mstari[:6]])
```

Ukiona namba za `0xfe..` na herufi ya kwanza ni ile inayopaswa kuwa ya mwisho, una kazi mbili: kugeuza mstari, na kurudisha maumbo kwenye herufi zake za msingi kwa usawazishaji uitwao NFKC. Hapa naomba usome polepole, kwa sababu kazi hizi mbili zina mpangilio, na ukiukosea hakuna atakayekuonya.

Ustadhi mmoja wa Ukerewe alileta kwenye steshenari moja hapa Mwanza mjini PDF ya dua za baada ya sala, akitaka herufi zikuzwe kwa ajili ya watoto wa madrasa. Kijana aliyepewa kazi alisawazisha kwanza, kisha akageuza mistari. Herufi ziliungana vizuri, zikaelekea kulia kwenda kushoto, vijitabu vikachapwa na kupakiwa kwenye meli ya Nansio. Ustadhi alipofungua ukurasa wa kwanza alikuta «اللهم أنت السالم» mahali pa «اللهم أنت السلام». Jina la Mwenyezi Mungu lilikuwa limegeuka neno jingine, na kwa kuwa «السالم» ni neno sahihi la Kiarabu, kikagua tahajia hakikulipigia mstari mwekundu. Vijitabu vyote vilirudishwa.

Kilichotokea ni hiki. Lamu na alifu zikikutana huchorwa kwa umbo moja, ambalo katika neno hili lina namba FEFC. Ukisawazisha kwanza, umbo hilo hupasuka kuwa lamu kisha alifu, na ukigeuza mstari baadaye, alifu inatangulia lamu. Ukigeuza kwanza, umbo linabaki moja, na likipasuka baadaye linapasuka kwa mpangilio wake. Kwa hiyo:

```python
import re, unicodedata
mstari = mstari[::-1]
mstari = unicodedata.normalize("NFKC", mstari)
mstari = re.sub(r"\d+", lambda m: m.group()[::-1], mstari)
```

Mstari wa mwisho unarudisha tarakimu, kwani hata katika Kiarabu namba husomwa kushoto kwenda kulia, na bila huo mwaka 1445 ungekuwa 5441. Geuza tu mistari ambayo umethibitisha kuwa imetoka kinyume. Programu kama `pdftotext` mara nyingi hupanga yenyewe, na kuigeuza tena ni kuiharibu.

Ukimaliza, tafuta «السالم» na «اإل» ndani ya faili jipya. Ya pili karibu kila mara ni «الإ» iliyopinduka, kama katika «اإلسالم». Ya kwanza inaweza kuwa halali, basi ilinganishe na ukurasa wa asili kila ilipo. Usitumie kifaa cha kuunganisha herufi kama `arabic_reshaper` kwenye maandishi utakayohifadhi, kwa maana kinarejesha zile namba za FE na mtu akitafuta neno hatalipata. Kuunganisha ni kazi ya fonti. Kwenye maandishi yenye harakati, angalia fataha na kasra zimekaa juu au chini ya herufi zipi, maana kugeuza mstari kunaweza kuzihamishia kwa herufi ya jirani. Angalia pia mabano, mistari yenye Kiswahili na Kiarabu pamoja, na majedwali. Na kama maandishi ni aya au dua, mpe mtu aliyeyahifadhi moyoni ayasome yote kabla hujawasha mashine ya kuchapia.