Kurekodi mechi ukiwa pembeni ya uwanja bila kukosa goli

Video nyingi za mechi za shule zina ugonjwa mmoja. Mpira unaonekana vizuri kipindi kizima, halafu goli linapofungwa kwenye fremu kuna mgongo wa beki, au mawingu, au nyasi zinazokimbia tu. Wenye video hizo huniuliza wanunue kamera gani. Simu waliyo nayo kwa kawaida inatosha. Tatizo liko mahali walipokuwa wamesimama na namna mikono yao inavyokimbizana na mpira. Nimeandika haya kwa mtu aliye peke yake na simu au kamera moja, ambaye mwisho wa siku anatakiwa kutoa magoli yote yakiwa kamili.

Hatua ya 1: Chagua pa kusimama

Simama usawa wa mstari wa kati, jua likiwa mgongoni kwako. Kama kuna jukwaa au ukuta wa kupanda, panda, kwa sababu ukiwa chini wachezaji wanazibana na huwezi kujua nani yuko mbele ya nani. Usikae nyuma ya goli. Utapata magoli ya upande mmoja tu, na hata hayo hayatakuonyesha shambulizi lilivyojengwa.

Jambo ambalo wengi hawalipi uzito ni umbali kutoka mstari wa pembeni. Watu hupenda kusogea karibu ili wachezaji waonekane wakubwa, na hapo ndipo mikono inaposhindwa. Winga anayekimbia mita 7 kwa sekunde akipita mita 3 mbele yako, kamera inabidi igeuke karibu nyuzi 130 kwa sekunde moja anapokuwa mbele yako kabisa. Hakuna mkono unaoweza kufanya hivyo kwa ulaini. Winga huyohuyo akipita mita 12 kutoka kwako, unahitaji nyuzi kama 33 tu. Kwa hiyo rudi nyuma mita 8 hadi 10 kutoka kwenye mstari, alimradi watazamaji hawasimami mbele yako.

Baada ya mapumziko baki upande uleule. Timu zinabadilishana magoli, na wewe ukivuka uwanja, kwenye video itaonekana kana kwamba hazikubadilishana.

Hatua ya 2: Stendi

Tumia stendi ya miguu mitatu yenye kichwa cha video, kile chenye mkono mrefu na kinachozunguka kwa uzito fulani badala ya kuteleza. Kaza uzito huo kiasi kwamba ukiuachia mkono, kamera inasimama palepale.

Gimbo za simu sizipendi kwa kazi hii. Zimetengenezwa kulainisha hatua za mtu anayetembea, kwa hiyo unapogeuka ghafla zinachelewa kidogo, na mpira unatoka kwenye fremu wakati kifaa bado kinajifikiria. Kitulizi cha picha kilicho ndani ya kamera kina tabia hiyohiyo. Ukiwa kwenye stendi, kizime kama mipangilio inaruhusu.

Hatua ya 3: Funga mipangilio

Rekodi 1080p kwa fremu 60 kwa sekunde. Kwenye simu nyingi hiyo hula MB 90 hadi 200 kwa dakika, kwa hiyo piga hesabu ya nafasi kabla ya mechi. Weka simu kwenye hali ya ndege, maana kwenye simu nyingine mtu akikupigia kurekodi kunakatika. Zumu ya mara 2 inatosha kwa uwanja mzima.

Kisha funga fokasi. Kwenye iPhone bonyeza na kushikilia eneo la duara la katikati hadi maneno `AE/AF LOCK` yatokee. Simu nyingine nazo huonyesha alama ya kufuli. Usipofunga, mshika kibendera akipita karibu yako simu itamfuata yeye, na itachukua muda kurudi kwenye mchezo. Kufuli hilo hufunga na mwanga pia. Wingu likifunika jua au kivuli kikifika katikati ya uwanja, subiri mpira utoke nje, ndipo ufunge upya.

Hatua ya 4: Kufuata mchezo

Hapa ndipo penye kazi yenyewe, na hapa ndipo nitakapokaa muda mrefu.

Anza na miguu yako. Itenganishe kidogo na vidole vielekee katikati ya uwanja, halafu geuka kwa kiuno. Ukianza ukiwa umeelekea goli la kulia, mchezo ukihamia kushoto utajikuta umejisokota na utalazimika kupiga hatua, na hatua hiyo itaonekana kwenye picha.

Jicho moja liwe kwenye skrini, lingine lione uwanja. Mwanzoni inachosha, lakini bila hivyo unaona kile ambacho kamera tayari inakiona tu, na umeshachelewa. Jicho la nje ndilo linaloona kwamba winga wa upande wa pili ameanza kukimbia kabla pasi haijapigwa.

Sasa, usifuate mpira. Najua linasikika vibaya, ila mpira hubadili mwelekeo bila taarifa na watu hawawezi. Mwenye mpira muweke nyuma ya katikati ya fremu, ili nafasi kubwa iwe upande anakoelekea. Kama anashambulia kulia, awe kwenye theluthi ya kushoto. Akipiga pasi ya mbele, mpokeaji yumo tayari kwenye picha.

Mpira wa juu ndio unaowamaliza wengi. Kipa anapiga, kamera inainuka nao angani, na kwa sekunde mbili tatu mtazamaji anaangalia bluu tupu. Unaposhuka hujui uko wapi. Acha mpira uende zake juu. Wewe geuza kamera ikiwa kwenye usawa uleule wa ardhi, ukifuata wachezaji wanaokimbia huku wakitazama juu. Wanakokimbilia ndiko utakakotua. Mpira utaingia kwenye fremu wenyewe kutokea juu.

Na ukiupoteza kabisa, usipapase kushoto na kulia. Panua zumu taratibu, tazama nje kwa jicho la pili, kisha geuza mara moja hadi mahali sahihi. Sekunde moja ya uwanja mpana bila mpira inavumilika; kamera inayotikisika kama kichwa cha mtu aliyepotelewa na mtoto sokoni haivumiliki.

Kanuni ya zumu ni fupi: panua picha wakati mchezo unakwenda, ivute wakati mchezo umesimama. Kona, mpira wa adhabu, mchezaji aliyeumia, hapo una muda. Mpira ukiwa unatembea, kuvuta na kugeuza kwa pamoja ni kazi mbili kwa mkono mmoja, na moja itaharibika.

Tuchukue shambulizi la kushtukiza, kwa sababu lina kila kitu. Timu nyekundu inapiga kona upande wako wa kushoto na umevuta picha hadi eneo la penalti linajaa fremu. Kipa wa bluu anaudaka. Watu wengi huanza kugeuza papo hapo, huku picha bado imevutwa, na matokeo yake ni ukungu wa rangi. Wewe panua kwanza. Kipa anapochukua hatua mbili za kutafuta mtu wa kumtupia, zumu imekwisha kurudi. Anamrushia winga aliye karibu na mstari wako. Muweke nyuma ya katikati na uanze kugeuka kwa kasi yake. Anapokukaribia mbele kabisa, kasi yako itabidi iongezeke, kisha ipungue akishapita. Tarajia hilo mapema ili usishtuke. Anapokaribia pembe ya uwanja na kuinua kichwa, anataka kupiga krosi. Hapo kamera isiwe kwake tena. Iwe inaelekea golini, yeye akiwa ukingoni mwa fremu na eneo la hatari likiwa ndani. Krosi inapopigwa, kamera imesimama au inatembea kidogo sana, na kichwa kinachotia mpira wavuni kinatokea kwenye picha tulivu.

Wakati wa mashindano ya riadha mambo hugeuka. Kwa mbio za mita 100 simama mita chache nyuma ya mstari wa kumalizia, pembeni kidogo ya njia za wakimbiaji, ukiwatazama wanakuja. Hapo hugeuzi karibu chochote. Funga fokasi kwenye mstari wenyewe na uwaache waingie.

Hatua ya 5: Sekunde za goli

Mchezaji akijiandaa kupiga shuti, goli lote liwe kwenye fremu kabla mguu haujagusa mpira. Goli ni pana mita 7.32 na shuti likishapigwa hakuna muda wa kulitafuta. Tazama mguu anaousimamia: ukishatua kando ya mpira, anapiga. Mikono yako iache kila kitu hapo.

Mpira ukiingia, usishangilie na usiondoe kamera. Baki golini hadi uone mpira umetulia kwenye nyavu, kisha mfuate mfungaji. Baada ya hapo mtafute refa. Akielekeza mkono kwenye duara la katikati, goli limekubaliwa. Kibendera kikiwa juu, huenda ni kuotea. Ukimkosa refa utakuja kubishana na watu kuhusu video yako mwenyewe.

Usizime kurekodi mpira ukiwa uwanjani, hata kama mchezo umepoa. Anayezima na kuwasha hukosa goli linalotokana na kurusha kwa haraka. Badala yake, mara tu sherehe zikiisha, funika lenzi kwa kiganja kwa sekunde tatu. Utakapofungua faili baadaye, kwenye safu ya vijipicha utaona doa jeusi baada ya kila goli. Hutalazimika kutazama mechi nzima ukitafuta.

Hatua ya 6: Kukata

Fuata madoa meusi na urudi nyuma hadi pale timu ilipoupata mpira. Mtu anayekata kuanzia kwenye shuti anatupa nusu ya goli. Mimi hutumia programu ya `ffmpeg` kwenye kompyuta kwa sababu kwa `-c copy` inanakili picha zilivyo bila kuzibana upya, kwa hiyo ubora haupungui na kazi inaisha mara moja:

```
ffmpeg -ss 00:31:10 -i mechi.mp4 -t 35 -c copy goli1.mp4
```

Hapo inakata kuanzia dakika ya 31 na sekunde ya 10 ya faili, kwa urefu wa sekunde 35. Kwa njia hii mkato haushiki sekunde kamili uliyoandika. Huanza kwenye fremu kamili iliyotangulia, na programu nyingine huonyesha picha iliyoganda pale mwanzoni. Anza sekunde tatu nne kabla ya unapopahitaji, na shambulizi litakuwa zima.