Kuamua Kama Kundi Dogo Liko Hai au Limekufa Katika Mchezo wa Go

Kundi lililozingirwa katika Go huishi likiwa na macho mawili, yaani nafasi mbili tupu zilizotengana ndani yake, kwa sababu mpinzani hucheza kete moja kwa zamu na hawezi kuziba zote mbili kwa pamoja. Ugumu hutokea pale nukta inapofanana na jicho ilhali kete zinazoizunguka hazijaungana. Tuchunguze kundi hili dogo la pembeni, ambapo X ni kete nyeusi, O ni nyeupe, na vitone ni nukta tupu. Safu ya 1 ndiyo ukingo wa ubao, na A1 ndiyo pembe.

```
   A B C D E F G
3  O O O O O . .
2  X X X X . O .
1  . X X . X O .
```

Hatua ya kwanza: hakikisha kwamba kundi limezingirwa kweli. Kabla ya kuhesabu macho, tazama kama Mweusi anaweza kutoroka au kula kete yoyote ya ukuta. Hapa njia pekee inayoelekea nje ni E2, nayo imezibwa na E3 pamoja na F2, na ukuta wenyewe una pumzi za kutosha, yaani nukta tupu zinazogusa kete zake; kete zikikosa pumzi huliwa. Hivyo kundi litaishi kwa macho yake au litakufa.

Hatua ya pili: tafuta nukta zinazoweza kuwa macho. Zipo mbili, A1 na D1. A1 haina wasiwasi, kwa kuwa A2 na B1 zimeungana kupitia B2, ambayo ni nyeusi. D1 inahitaji uangalifu zaidi: imezungukwa na C1, D2 na E1, lakini E1 bado haijaungana na wenzake.

Hatua ya tatu: pima jicho kwa nukta za mshazari. Jicho lililo katikati ya ubao lina nukta nne za mshazari, na kwa kawaida huwa la uongo mpinzani akishika mbili kati ya hizo. Jicho la ukingoni lina mbili tu, na la pembeni kabisa lina moja, kwa hiyo katika sehemu hizo kete moja ya mpinzani yatosha kuliharibu. Nukta za mshazari za D1 ni C2, ambayo tayari ni nyeusi, na E2, ambayo bado ni tupu. Hatima ya kundi lote, basi, imo katika E2.

Hatua ya nne: cheza kichwani kwa zamu zote mbili. Mweusi akitangulia kucheza E2, kete hiyo huunganisha E1 na D2. Sasa Mweupe hawezi kuingia A1 wala D1, kwa kuwa kila kete atakayoweka humo itakosa pumzi bila kula chochote. Kundi liko hai, na Mweusi hana haja ya kuongeza kete nyingine.

Mweupe akitangulia kucheza E2, kete ya E1 hubakiwa na pumzi moja tu, nayo ni D1. Mweusi akijaribu kuiokoa kwa kujaza D1, atakuwa amelifumba jicho lake mwenyewe, na kundi zima litabaki na A1 peke yake. Mweupe ataweka kete hapo na kula kete zote nane. Asipojaza, Mweupe ataingia D1, ale E1, na kuliacha kundi likiwa na pumzi ile ile moja. Wanaoanza huona kwamba Mweusi anaweza kurudi E1 na kuila kete ya D1, lakini kanuni ya ko, inayokataza kuila kete papo hapo na kuurudisha ubao ulivyokuwa zamu iliyopita, humzuia kufanya hivyo. Hata akirudi baadaye, atakachopata ni lile lile jicho la uongo, wala hana namna ya kulifanya la kweli. Kwa hiyo kundi limekufa, na Mweupe hana haraka ya kulila.

Jibu sahihi kuhusu mchoro wetu, basi, ni kwamba hatima haijaamuliwa: anayecheza kwanza ndiye anayeamua. Naona hili ndilo jibu linalosahaulika zaidi, kwa kuwa wengi hujilazimisha kusema "hai" au "limekufa" bila kuuliza zamu ni ya nani.

Hesabu ya mshazari ina mpaka wake. Hupima kete zilizo karibu na jicho, ilhali wakati mwingine kete hizo huungana kwa njia ndefu. Kundi likiunda mduara kamili kuzunguka kete za mpinzani, nukta mbili zinazoonekana kuwa macho ya uongo zinaweza kuliweka hai, kwa sababu kila upande wa nukta hizo umeungana na mwingine kupitia nukta ya pili, na hakuna sehemu inayoweza kukatwa ikaliwa peke yake. Ukikutana na umbo kama hilo, acha hesabu na ujiulize kama kuna kete zozote zinazoweza kubakiwa na pumzi moja huku zimetengwa na wenzake.