Fenesi bichi la nazi na kokwa zake: tuanze na utomvu

Wengi wanaolikimbia fenesi bichi hawakimbii kulipika, wanakimbia utomvu. Nilipoolewa hapa Malindi, la kwanza nililipasua kwa kisu kikavu, mikono ikanata, nikaenda mbio bombani. Maji baridi yakaugandisha ukawa ulimbo wa kunasia ndege, na kukisafisha kile kisu kulinimalizia jioni nzima. Utomvu wa fenesi hauyeyuki kwa maji. Unaachia kwa mafuta.

Jumamosi iliyopita nilipata la kilo tatu hivi. Ganda lilikuwa kijani, miiba imesongana na bado ina ncha, na nilipoligonga lilitoa mlio mzito, kama limeshindiliwa. Hilo ndilo la mboga. Kisu kikipita mpaka katikati bila kukwama kwenye kokwa, umechagua vizuri. Kokwa zikiwa zimeshafanya ganda gumu, nyama yake imeanza kuelekea utamu, na kwenye mchuzi haipendezi.

Kata kikonyo, kisha liegemeze kichwa chini juu ya magazeti makuukuu. Utaona utomvu mweupe kama tui ukichuruzika, mwanzo mfululizo, halafu tone moja moja. Mpe nusu saa huyo. Wakati unangoja, jipake mafuta ya nazi viganjani na katikati ya vidole, paka kisu pande zote mbili na mpini, paka na ubao. Ukikata, kata mapande ya mviringo, unene wa vidole viwili. Utomvu utachomoza tena kwenye ganda na kwenye moyo wa katikati, basi ufute kwa karatasi kavu. Kila baada ya mikato miwili futa kisu kwa kitambaa chenye mafuta, usisubiri kiwe kizito. Toa ganda, toa moyo, katakata vipande vya tonge, na hapo ndipo maji yanapoingia: tia vipande kwenye bakuli la maji yenye chumvi na ndimu ili visigeuke vyeusi.

Vichemshe kwa maji mapya, chumvi na manjano kidogo, kama dakika ishirini. Uma uingie bila nguvu lakini kipande kisimeguke. Maji hayo mwaga. Utomvu uliobaki utauona umeshika ukingoni mwa sufuria; upanguse kwa mafuta sufuria ikingali na joto.

Mchuzi wenyewe hauna makuu. Kaanga vitunguu maji viwili, tia thomu na tangawizi iliyotwangwa, nyanya mbili, kijiko cha bizari. Nyanya zikishaiva tia fenesi na vikombe viwili vya tui jepesi, uache dakika kumi na tano linywe mchuzi. Kisha kasimele kikombe kimoja, moto mdogo, ukikoroga taratibu mpaka mchuzi ushike. Ukwaju au ndimu tia ukishaepua.

Kokwa hutoka kwenye fenesi lililoiva. Zioshe utelezi, zianike kivulini siku moja, uzichemshe na chumvi nusu saa, umenye ganda jeupe. Ngozi nyembamba ya kahawia inalika. Mbichi usizile: zina kitu kinachozuia tumbo kusaga protini, na moto ndio unaokivunja. Za kuchoma makaani zikate ncha kwanza, la sivyo zinapasuka na kuruka na makaa.

MASWALI

*Shikamoo Bi. Niko Lamu, mtaa wa Langoni. Utomvu umeshika kwenye leso yangu, nimeiloweka tangu jana na haujatoka.*

Marahaba mwanangu. Itoe majini uikaushe. Paka mafuta ya nazi palipo na utomvu, acha robo saa, sugua kwa kitambaa mpaka uanze kukunjika vijipande, uvibandue. Ndipo ufue kwa sabuni na maji moto ili mafuta nayo yatoke.

*Dada, mimi tui langu lilikatika, likafanya mafuta juu.*

Ama moto ulikuwa mkubwa baada ya kasimele, ama ulitia ndimu mchuzi ukichemka. Linalika, ila halina ule ulaini.

*Kokwa zangu nilizifunga kwenye mfuko wa plastiki, baada ya siku chache zikafanya ukungu. Nizioshe nipike?*

Zitupe, kaka. Kokwa ina maji mengi ndani, ukiifunga inatoa jasho. Nyingine zichemshe siku hiyo hiyo, uzimenye, uziweke kwenye friza.

*Shemeji yangu akikata fenesi hutoka vipele mikononi hata akijipaka mafuta. Na glavu za mpira nazo humuwasha.*

Basi asikate, na hizo glavu asivae. Mafuta yanazuia kunata tu, hayamkingi mtu ambaye mwili wake unaukataa utomvu. Na kula pia asile kwanza mpaka amuone daktari, hasa kama midomo humvimba au koo humwasha.